Kwa Nini Chokoleti Ipozwe Kisha Ipashwe Tena

Umenunua bamba la chokoleti, ukalisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani. Jioni unalikuta limekuwa uji ndani ya karatasi yake. Unalitia kwenye friji, na asubuhi limeganda tena, lakini si lile ulilonunua. Juu lina vumbi la kijivu na michirizi myeupe. Ukilivunja halilii, linamong'onyoka tu, na mdomoni linabaki kama kipande cha mshumaa kabla ya kuanza kuyeyuka.

Wengi hudhani limeota ukungu, wakalitupa. Halijaoza. Kakao ni ile ile, sukari ni ile ile, hata mafuta hayakupungua. Kilichobadilika ni namna mafuta hayo yalivyojipanga wakati wa kuganda.

Mtengenezaji wa chokoleti hukutana na tatizo hilo hilo kila anapowasha jiko. Hawezi kuimimina chokoleti kwenye kalibu wala kufunika keki nayo bila kuiyeyusha, na akishaiyeyusha amekwisha kuvuruga mpangilio wake. Lazima aujenge upya kwa kuipoza chokoleti, kisha kuipasha tena kidogo. Wapishi wa keki huiita kazi hiyo kutempa, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Jicho na kidole havitoshi kuiongoza, kwa sababu yote huamuliwa na tofauti ya nyuzijoto chache.

Mafuta yenye sura sita

Anayepika kwa mafuta ya nazi anajua kwamba mafuta yana joto lake la kuyeyuka. Mombasa yanabaki maji karibu mwaka mzima, ukiyapeleka Nairobi mwezi wa saba yanaganda chupani, kwa kuwa mpaka wake ni takriban nyuzijoto 24 za Selsiasi. Mafuta ya kakao, yanayoitwa pia siagi ya kakao, hayana mpaka mmoja. Yanaweza kuganda kwa namna sita tofauti, na kila namna ina joto lake la kuyeyuka.

Mwaka 1966 watafiti wawili, Wille na Lutton, walizipanga namna hizo kwa namba, kuanzia ya kwanza iliyo dhaifu kuliko zote hadi ya sita. Ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzijoto 17 hivi, ya pili 23, ya tatu 25, ya nne 27 na nusu, ya tano karibu 34, na ya sita 36. Msomaji hana haja ya kuzikariri zote. Akumbuke mbili tu: ya nne, 27 na nusu, na ya tano, 34. Kazi yote ya kutempa inafanyika kati ya namba hizo mbili.

Tofauti ya sura hizo ni upangaji. Fikiria viti vya plastiki vya shughuli ya harusi. Wageni wakishaondoka, vijana wenye haraka hurusha viti juu ya gari ovyo ovyo. Gari linajaa mapema, na ukiligusa rundo, viti vinaporomoka. Vijana wenye subira huvipachika kimoja ndani ya kingine. Viti ni vile vile, lakini safari hii vinachukua nafasi ndogo, vimeshikana, na kuvitenganisha kunataka nguvu. Mafuta ya kakao yakigandishwa kwa pupa kwenye friji hujirundika kama viti vya kundi la kwanza. Yakigandishwa kwa utaratibu hupachikana, na kila punje ya mpangilio huo huitwa fuwele.

Sifa zote tunazozisifu kwenye chokoleti nzuri zinatoka kwenye sura ya tano. Fuwele zake ndogo zilizobanana hufanya uso wa chokoleti uwe laini, ndiyo maana unang'aa. Zimeshikana, ndiyo maana bamba linakatika kwa mlio mkavu badala ya kupinda. Huchukua nafasi ndogo kuliko mafuta yakiwa maji, ndiyo maana chokoleti hunywea kidogo ikiganda na kuachia kalibu yenyewe. Na kwa kuwa mpaka wake ni nyuzijoto 34, haichafui vidole upesi, lakini ikifika ulimini, penye nyuzijoto 37, inaachia mara moja.

Labda utauliza kwa nini tusitafute ya sita, iliyo imara zaidi. Ya sita haipatikani kwa kugandisha chokoleti iliyoyeyushwa. Huzaliwa polepole kutokana na ya tano, kwa miezi mingi ya kukaa rafuni, nayo huja na vumbi jeupe na ugumu mdomoni. Chokoleti iliyozeeka dukani mara nyingi imefika huko.

Panda, shuka, panda kidogo

Sasa zile hatua tatu za joto zinaeleweka zenyewe. Nitatumia namba za chokoleti nyeusi.

Hatua ya kwanza ni kuipandisha hadi nyuzijoto 45 au 50. Mtu anaweza kusema kwamba kama fuwele ngumu kuliko zote huyeyuka kwenye 36, basi 40 inatosha. Haitoshi, kwa sababu vikundi vya fuwele vya zamani huweza kubakia vimejificha ndani ya uji mzito hata pale unapoonekana umelainika wote. Kuivusha 45 ni kufuta ubao kabla ya kuandika upya. Ukivuka sana, tuseme zaidi ya 55, unaanza kuiunguza, na chokoleti ya maziwa au nyeupe huharibika mapema zaidi, hushika mabonge na harufu ya maziwa yaliyoungua.

Hatua ya pili ni kuishusha hadi 27 huku ukikoroga bila kuacha. Mafuta yakiwa na joto hayana haja ya kujipanga, ni lazima yapoe ndipo fuwele zianze kuzaliwa. Kukoroga kunavunja fuwele zinazozaliwa na kuzisambaza, ili ziwe nyingi na ndogo badala ya chache na kubwa. Tatizo ni kwamba kwenye 27 hazizaliwi za tano peke yake. Za nne nazo zimo, kwa kuwa 27 iko chini ya mpaka wao. Ukiimimina chokoleti hapo hapo, unagandisha mchanganyiko: nzuri na dhaifu pamoja. Itaganda, lakini baada ya siku kadhaa zile dhaifu zitaanza kujigeuza zenyewe, na michirizi itatokea juu.

Ndipo inapokuja hatua ya tatu, inayowashangaza wanaoanza: umehangaika kuipoza, sasa unairudisha kwenye joto. Unaipandisha hadi 31 au 32, wala si zaidi. Tazama zile namba mbili tena. Nyuzijoto 31 iko juu ya 27 na nusu, kwa hiyo fuwele za nne zinayeyuka. Iko chini ya 34, kwa hiyo za tano zinabaki. Joto linafanya kazi ya chekeche: linapitisha zisizotakiwa na kubakiza zinazotakiwa. Hizo chache zilizobaki, zikiwa zimetapakaa kwenye uji wote, huwa mbegu. Chokoleti ikianza kuganda, mafuta yaliyobaki yanaiga mpangilio wa jirani aliyekwisha kukaa sawa.

Chokoleti ya maziwa na ile nyeupe hufuata njia hiyo hiyo kwa namba za chini kidogo, kwa kuwa mafuta ya maziwa yaliyomo huyalegeza mafuta ya kakao. Ya maziwa hupandishwa hadi 45, hushushwa hadi 26, kisha hupashwa hadi 29 au 30. Nyeupe hupandishwa hadi 45, hushushwa hadi 25 au 26, kisha hupashwa hadi 28 au 29.

Gramu 600, hatua kwa hatua

Tuchukue gramu 600 za chokoleti nyeusi ya asilimia 70. Kwanza tazama viungo kwenye karatasi yake. Kama mafuta yake ni siagi ya kakao, endelea. Kama yameandikwa mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea badala yake, hiyo ni chokoleti ya kupakia keki iliyotengenezwa kwa makusudi isihitaji kutempwa. Iyeyushe, itumie, kipimajoto kiache kabatini.

Katakata chokoleti yote vipande vidogo kama punje za mahindi. Pima gramu 400 uziweke kwenye bakuli kavu, na gramu 200 uziweke kando. Hizi 200 zinatakiwa ziwe zinang'aa na kuvunjika vizuri, kwa sababu zimekwisha kutempwa kiwandani na fuwele za tano zimo ndani yake. Lile bamba la kwenye gari halifai kwa kazi hii.

Chemsha maji ya kina cha vidole viwili kwenye sufuria, zima moto, kisha pachika bakuli juu bila kugusa maji. Koroga taratibu. Kipimajoto kikisoma 45, ondoa bakuli, kwani bakuli lenyewe lina joto na litaisukuma chokoleti hadi 47 au 48 bila msaada wako. Futa maji chini ya bakuli mara moja. Matone machache yakidondokea ndani yanatosha kuharibu kila kitu: sukari na unga wa kakao hunyonya unyevu na kushikamana, na uji uliokuwa laini unageuka donge gumu kama ugali uliokauka. Donge hilo halitempiki tena. Liongezee maziwa ya moto ulifanye sosi au kinywaji.

Sasa anza kutia zile gramu 200 kwa mafungu matatu, huku ukikoroga. Fungu la kwanza linaingia kwenye 48 na linayeyuka lote. Fuwele zake zinakufa, kwa sababu joto liko juu sana ya 34. Kazi yake hapo ni kama ya barafu, kupoza tu. La pili nalo ni hivyo hivyo. Fungu la tatu ndilo la maana. Subiri mpaka kipimajoto kisome 33, kisha litie. Chini ya 34 fuwele zake haziyeyuki zote, na zinaingia kwenye uji zikiwa hai. Wengi hushindwa kwa kumwaga gramu 200 zote mwanzoni. Wanapata chokoleti iliyopoa, isiyo na mbegu.

Endelea kukoroga hadi 27, ukikwangua pembeni na chini ya bakuli, kwa maana kando ndiko kunakopoa kwanza. Utaona uji unazidi kuwa mzito na kuacha alama ya mwiko kwa muda kabla ya kujifunika. Kisha rudisha bakuli juu ya mvuke kwa sekunde tano, liondoe, koroga, soma. Sekunde tano nyingine, ondoa, koroga, soma. Ukifika 31 na nusu, acha. Ukiteleza hadi 33, koroga haraka nje ya moto na upime kama ulivyonusurika. Ukiteleza hadi 35, umeua mbegu zote, na hakuna njia ya mkato: panda tena 45, uanze.

Kabla ya kumimina, chovya ncha ya kisu na ukiache mezani kwenye chumba cha nyuzijoto 20 hivi. Chokoleti iliyokaa sawa inakauka ndani ya dakika tatu hadi tano, inang'aa, na ukiigusa haishiki kidoleni. Ikiwa dakika kumi zimepita na bado inanata au ina mistari, mbegu ni chache; ishushe tena joto ukikoroga, kisha uipandishe. Ikiwa wakati wa kumimina inazidi kuwa nzito ilhali joto halijashuka, basi mbegu zimezidi, kwa sababu zinaendelea kuzaana bakulini. Ipashe nusu nyuzi, usivuke 32, au ongeza kijiko cha chokoleti ya moto isiyotempwa.

Ukishajaza kalibu, zitie kwenye friji dakika 10 hadi 15. Baada ya onyo lote kuhusu friji, hili linaweza kuonekana geni, lakini sasa mbegu zimo na mpangilio umeanza. Zaidi ya hayo, mafuta yanapoganda hutoa joto. Kwenye kipande kinene joto hilo hukwama katikati na kuziyeyusha fuwele zilizo jirani, na baadaye unaona doa lililofifia katikati ya kipande kinachong'aa kandoni. Friji inaliondoa joto hilo. Geuza kalibu: vipande vikidondoka vyenyewe kwa bomba moja la kiganja, umefaulu. Ikibidi uvichokoe kwa kisu, havikunywea, na havikunywea kwa sababu havikutempika.

Jiko la pwani

Mti wa kakao hupenda joto ambalo chokoleti hailipendi. Ndiyo maana kakao inastawi Kyela na Kilombero, Bundibugyo nchini Uganda na Beni nchini Kongo, ilhali kutempa kwenye jiko la wazi Dar es Salaam au Tanga ni mtihani. Chombo hakiwezi kupoa chini ya joto la chumba kilimo. Chumba kikiwa na nyuzijoto 30, unaweza kukoroga hadi jioni na 27 usiione.

Dawa ya kwanza ni kiyoyozi, chumba kiwe kati ya 18 na 22. Asiye nacho afanye kazi alfajiri na aweke karai la maji yaliyopozwa kidogo kwenye friji. Unachovya kitako cha bakuli kwa sekunde chache, unalitoa, unakoroga, unasoma. Usitumie maji ya barafu, maana yatagandisha chokoleti ya chini kwa fuwele dhaifu wakati ya juu bado ni moto, na kipimajoto kitakupa wastani usiokuwa wa kweli.

Unyevu wa pwani nao una hila yake. Ukitoa vipande kwenye friji na kuviacha wazi, hewa ya chumba huviwekea jasho. Jasho huyeyusha sukari ya juu, na likikauka sukari inabaki kama chumvi nyeupe. Weupe huu si ule wa mafuta. Sugua kwa kidole: weupe wa mafuta unayeyuka na kupotea, wa sukari unakwaruza na haupotei. Wa kwanza unakuambia joto lilikosewa, wa pili unakuambia maji yaliingia. Basi friji iwe ya dakika chache tu, na vipande vifunikwe mpaka vipate joto la chumba.

Kipimajoto chenyewe

Kidole hakiwezi kuifanya kazi hii, kwa kuwa ngozi yake yenyewe ina joto linalokaribia lile la chokoleti tunayoipima. Kipimajoto cha homa nacho hakifai, huanza kusoma karibu 35, yaani pale ambapo kazi imekwisha kuharibika. Vile vya mshale vya kupimia nyama iliyomo ovenini mara nyingi huanza juu zaidi. Kinachofaa ni kile cha kidijitali chenye sindano, kinachosoma sehemu za kumi za nyuzi, au angalau nusu nusu.

Kabla ya kukiamini, kipime. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, zamisha sindano katikati bila kugusa glasi, subiri dakika moja. Lazima isome 0. Ikisoma 2, basi kila namba yako ina nyongeza ya 2: utakapoona 32 chokoleti itakuwa 30. Tumia barafu badala ya maji yanayochemka, kwani maji huchemka kwenye 100 Zanzibar, lakini Nairobi au Arusha, kwenye mwinuko, huchemka karibu 95.

Kisha soma kwa nidhamu. Koroga kwanza, chomeka sindano katikati ya uji bila kugusa kitako cha bakuli, subiri namba itulie, ndipo uamue. Kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza kwa mbali kama bastola, ni chepesi na hakichafuki, lakini kinasoma ngozi ya juu tu. Usipokoroga, juu inaweza kuwa imepoa nyuzi kadhaa kuliko ndani, na nyuzi kadhaa ndiyo nafasi yote uliyonayo.

Mwisho, lile bamba la kwenye gari usilitupe. Lisafishe karatasi, likatekate, lipandishe 47, lishushe 33, lichanganye na vipande vichache vinavyong'aa kutoka bamba zima, lishushe 27, lirudishe 31 na nusu, kisha limimine. Litang'aa na kulia kama lilivyokuwa dukani, kwa sababu halikuwa limeharibika. Lilikosa mpangilio tu.